Maswali yanayoulizwa sana: kwanini meneja anaukataa mradi wenye faida, na bonasi yake irekebishwe vipi

Hivi kweli kuna meneja anayekataa mradi ambao anajua utaleta faida?

Yupo, tena wengi, na wenyewe wamekiri. Mwaka 2005 watafiti watatu wa Marekani, Graham, Harvey na Rajgopal, walichapisha majibu ya wakuu wa fedha zaidi ya 400 waliowahoji, na asilimia kama 80 walisema wakiona robo mwaka inaisha na lengo la faida halijafikiwa, watapunguza matumizi kama ya utafiti, matangazo na matengenezo. Zaidi ya nusu, asilimia 55 hivi, walisema wataahirisha kuanza mradi mpya hata kama kuuahirisha kunapoteza thamani kidogo. Na hao hawakushikwa wakifanya, waliulizwa tu kwenye dodoso wakajibu wenyewe, kwahiyo mi naamini hali halisi iko hapo au pabaya zaidi.

Alafu sio kwamba hawa watu hawajui hesabu, wanazijua vizuri mno. Tatizo ni kwamba kampuni inapata faida kwa mradi mzima, ila yeye analipwa kwa mwaka mmoja mmoja.

Mradi wenye "thamani chanya" maana yake nini, kwa lugha ya kawaida?

Ni mradi ambao ukichukua pesa zote utakazoleta miaka ijayo, ukazipunguza thamani kwa sababu zinachelewa kufika, zinabaki nyingi kuliko pesa unazotoa leo. Kiwango cha kupunguzia ndo gharama ya mtaji, yaani kile ambacho wenye pesa wangepata wakiziweka sehemu nyingine yenye hatari kama hiyohiyo.

Mfano huu tutaenda nao mpaka mwisho, ni wa kutunga ila namba zake zinajibu. Kampuni ya maziwa inataka kufungua laini mpya ya kusindika, inagharimu milioni 400, itafanya kazi miaka minne alafu imekwisha, haina cha kuuza mwishoni. Keshi inayoingia: mwaka wa kwanza milioni 60 manake wateja bado wachache, wa pili 120, wa tatu 200, wa nne 260. Gharama ya mtaji asilimia 12. Ukiziweka hizo namba nne kwenye eksel kuanzia B2 mpaka E2, unaandika hivi:

```
=NPV(12%,B2:E2)-400
```

Jibu linakuja 56.8. Maana yake wenye kampuni wanatajirika kwa karibu milioni 57 za leo, juu ya kile ambacho hela yao ingepata kwingine. Mradi ni mzuri, hamna ubishi, na mtu akiniambia haufai namuuliza ni namba ipi kati ya hizo haikubali.

Sasa kwanini meneja wa hicho kitengo ataukataa?

Kwasababu ripoti anayopimwa nayo haioneshi milioni 57. Angalia inachoonesha.

Wahasibu wanaigawa ile milioni 400 sawasawa kwa miaka minne, kwahiyo kila mwaka kuna uchakavu wa milioni 100. Mwaka wa kwanza keshi ni 60, toa 100, hasara milioni 40. Mwaka wa pili faida ya 20 tu. Wa tatu 100, wa nne 160. Faida yote imelala mwishoni.

Sasa tuseme kitengo chake tayari kina mali ya milioni 1,000 na kinatengeneza faida ya 250 kwa mwaka, yaani asilimia 25 ya mtaji, na bonasi yake inaanza kulipwa akifikisha asilimia 22. Akiuchukua mradi, mwaka wa kwanza faida inakuwa 210 juu ya mali ya 1,400, hiyo ni asilimia 15. Mwaka wa pili, kama vingine vyote vimebaki vilevile, ni 270 juu ya 1,300, kwenye asilimia 21 hivi. Miaka miwili mfululizo hana bonasi, na amefanya kitu sahihi kabisa! Akikaa kimya asiulete mradi kwenye kikao, anabaki na asilimia 25 yake, anapongezwa, na hakuna mtu atakayejua kuna milioni 57 zimepotea, maana mradi ambao haukufanyika hauna mstari kwenye hesabu.

Hiki ndo kinachoniuma kuhusu hili jambo. Hasara ya mradi mbovu inaonekana na mtu anawajibishwa, ila hasara ya mradi mzuri uliokataliwa haina jina wala mwenyewe.

Kwahiyo shida ni wahasibu?

Hapana, wahasibu wanafuata viwango na viwango vina sababu zake. Ila kuna kitu kimoja cha kihasibu kinaongeza maumivu. Chini ya IFRS, yaani viwango vya kimataifa vya kuandaa hesabu ambavyo ndo vinatumika huku kwetu, na hasa IAS 38, kile cha mali zisizoshikika, pesa ya kufundisha wafanyakazi, ya matangazo na ya kuzindua bidhaa inaingia kwenye gharama hapohapo, huruhusiwi kuisambaza miaka inayokuja. Hali kadhalika gharama za utafiti.

Rudi kwenye laini ya maziwa. Tuseme katika zile milioni 400, 320 ni mitambo na 80 ni mafunzo na kampeni ya kuitambulisha bidhaa. Keshi inayotoka ni ileile, thamani ya mradi ni ileile. Lakini kwenye ripoti mwaka wa kwanza unatoa 80 yote ya mafunzo na kampeni, unatoa na uchakavu wa mitambo 80, kwahiyo 60 inageuka hasara ya milioni 100 badala ya 40. Kadiri mradi unavyotegemea watu na soko kuliko chuma, ndivyo unavyoonekana mbaya zaidi mwaka wa kwanza. Hapo unaelewa kwanini mafunzo na matangazo ndo vitu vya kwanza kukatwa kila bajeti inapobanwa, ukikata leo faida inapanda leo.

Bodi na wanahisa hawaoni? Si wana akili?

Wana akili ila hawana taarifa. Meneja ndo anayejua miradi gani ipo mezani na gani ameiacha kwenye droo. Mwanahisa wa nje anaona faida ya robo au nusu mwaka, na faida ikishuka hawezi kutofautisha "tumewekeza kwenye kitu kizuri" na "biashara inazama", kwahiyo anaadhibu vyote viwili. Mchumi Jeremy Stein alilieleza hili mwaka 1989 kwa namna inayosikitisha: hata kama soko la hisa linajua mameneja wote wanapandisha faida ya leo kwa kuikata ya kesho, meneja mmoja akiacha kufanya hivyo peke yake ataonekana dhaifu, maana soko tayari limeshapunguza kichwani likidhani na yeye anafanya. Kwahiyo wanafanya wote, na hakuna hata anayedanganyika.

Kenya kuna kitu kinachofanana na hiki. Kampuni iliyoorodheshwa Nairobi ikiona faida ya mwaka itashuka kwa asilimia 25 au zaidi ukilinganisha na mwaka uliopita, lazima itoe tangazo la kuwatahadharisha wawekezaji. Sheria ni nzuri, inamlinda mwenye hisa mdogo. Ila jiweke kwenye kiti cha mkurugenzi ambaye faida inaelekea kushuka asilimia 20 na ana mradi mezani utakaomvusha ile 25. Lazima ajiulize kama hauwezi kusubiri Januari.

Basi si tufute ripoti za robo mwaka?

Wengi wanalikimbilia hili na naelewa kwanini. Unilever, Paul Polman alipoingia kuwa mkurugenzi mkuu mwaka 2009, iliacha kutoa makadirio ya faida na ripoti za faida za robo mwaka, akasema wazi anataka wawekezaji wa muda mrefu. Hilo nalipenda.

Ila Uingereza wameshaifanyia majaribio nchi nzima bila kukusudia. Taarifa za robo mwaka zililazimishwa kuanzia 2007, zikaacha kuwa lazima 2014. Watafiti waliolinganisha hawakukuta uwekezaji umeshuka zilipoanza wala umepanda zilipoondolewa. Mi nachokisoma hapo ni kwamba ukiondoa ripoti huku bonasi ya meneja bado imefungwa kwenye faida ya mwaka, hujagusa kinachomsukuma.

Nitajuaje kama kampuni yetu inafanya hivi? Mradi uliokataliwa si hauonekani?

Hauonekani wenyewe ila unaacha alama. Mi ningeanza kwenye kalenda. Chukua matumizi ya matengenezo, mafunzo, matangazo na ajira mpya kwa miezi 36 iliyopita, uyapange mwezi kwa mwezi. Kama kila mwaka yanakauka miezi miwili mitatu ya mwisho alafu yanafumuka mwezi wa kwanza wa mwaka mpya, mitambo haijui mwaka wa fedha unaisha lini, kwahiyo kuna mtu anaisukuma namba.

Kingine, angalia faida ikilinganishwa na lengo. Biashara ya kweli inapishana na bajeti, mwaka huu juu sana, mwaka ule chini. Kitengo ambacho kila mwaka kinapita lengo kwa kidogokidogo tu, bila kukosa hata mara moja, kinatakiwa kiulizwe maswali.

Alafu soma mafaili ya miradi. Kama kampuni inakopa kwa asilimia 14 na wenye hisa wanaridhika na 18, lakini mradi haupiti bila kuonesha asilimia 30 au kurudisha hela ndani ya miaka miwili, basi hicho kizingiti hakitokani na gharama ya mtaji. Ile laini yetu ya maziwa baada ya miaka miwili imerudisha 180 kati ya 400, kwa kipimo cha "irudishe hela ndani ya miaka miwili" haifiki hata kwenye kikao.

Na waulize watu wa chini, bila kuwatisha, mawazo gani waliacha kuyaleta na kwanini. Ukisikia "bosi alisema tusubiri mwaka mpya wa fedha" kutoka vitengo vitatu tofauti umeshapata jibu.

Kurekebisha tunaanzia wapi?

Anzia kwenye kipimo, kabla ya kugusa kiasi cha bonasi. Acha kumpima kwa asilimia ya faida juu ya mtaji, manake meneja mwenye asilimia 25 atakataa kila kitu cha asilimia 18 hata kama mtaji unagharimu 12. Mpime kwa faida inayobaki baada ya kulipia mtaji anaoutumia:

```
faida iliyobaki = faida - (gharama ya mtaji x mtaji mwanzo wa mwaka)
```

Uzuri wake ni kwamba ukizijumlisha faida hizo za miaka yote, kila moja ukiipunguza kwa asilimia 12 kwa mwaka, unapata thamani ileile ya mradi. Tujaribu. Mtaji mwanzoni mwa kila mwaka ni 400, 300, 200, 100, kwahiyo gharama yake ni 48, 36, 24 na 12. Faida iliyobaki inatoka hasara 88, hasara 16, kisha chanya 76 na 148. Zirudishe kwenye thamani ya leo uzijumlishe, unapata 56.8. Inalingana kabisa.

Ila miaka miwili ya kwanza bado ni hasara, tena kubwa zaidi! Meneja si ataukataa tu?

Ataukataa, na ndo maana kampuni nyingi zilizohamia kipimo hiki zikaishia hapo zilishangaa mbona tabia haijabadilika. Kipimo ni sahihi kwa jumla, ila kwa mtu anayefikiria kuhamishwa baada ya miaka miwili ni adhabu tupu.

Tatizo liko kwenye kuugawa uchakavu sawasawa wakati keshi haiji sawasawa. Kwahiyo kwa ajili ya kumpima meneja tu, sio kwa vitabu vinavyoenda kwa mkaguzi na TRA, ugawe mzigo wa mtaji ufuate umbo la keshi. Keshi yetu inakuja kwa uwiano wa 60, 120, 200, 260. Thamani ya leo ya keshi hiyo ni karibu 457, na mtaji ni 400, yaani asilimia kama 87.6 yake. Basi kila mwaka mtoze hiyo asilimia 87.6 ya keshi iliyotarajiwa, na ndani ya tozo hiyo kuna gharama ya mtaji pamoja na uchakavu. Mwaka wa kwanza anatozwa 52.5, wa pili 105, wa tatu 175, wa nne kama 227.7. Mtaji wote umerudi, na riba yake ya asilimia 12 imelipwa yote.

Sasa angalia anachobakiwa nacho: 7.5 mwaka wa kwanza, 15 wa pili, 25 wa tatu, 32 na kitu wa nne. Chanya tangu mwaka wa kwanza. Zirudishe kwenye thamani ya leo, bado ni 56.8. Hatujaongeza hata senti, tumeipanga tu gharama iendane na mapato, na meneja mwenye haraka kuliko wote duniani sasa anautaka huu mradi.

Wazo hili lilithibitishwa kihesabu na watafiti William Rogerson na Stefan Reichelstein mwaka 1997, na mi binafsi naona ndo kitu chenye manufaa kuliko vyote kwenye mada hii ingawa ofisini hukisikii kabisa.

Meneja si atadanganya makadirio ili apate tozo ndogo?

Swali zuri sana. Kinachohitajika kupanga tozo ni umbo la keshi tu, yaani itakavyokua mwaka hadi mwaka, ukubwa wake hauhitajiki. Tozo zote zinapangwa zirudishe 400 na riba, hata meneja aseme keshi ni mara mbili.

Tuseme amepamba, na anajua ukweli ni pungufu kwa asilimia 20: 48, 96, 160, 208. Huo mradi ni mbovu, unapoteza kama milioni 34 na nusu za leo. Tozo hazibadiliki, kwahiyo anapata hasara ya 4.5 mwaka wa kwanza, 9 wa pili, 15 wa tatu, karibu 20 wa nne. Hasi tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na kwasababu anajua itakuwa hivyo hauleti. Kipimo kilekile kinamvuta kwenye mradi mzuri na kumfukuza kwenye mbovu.

Anachoweza kudanganya ni umbo, aseme keshi itachelewa sana ili tozo za mwanzo ziwe ndogo, alafu ahame. Kwahiyo umbo lisiandikwe na yeye peke yake. Litoke kwenye miradi kama hiyo iliyopita, au kwa watu wa masoko na uhandisi, likishapitishwa lisiguswe. Na kwa mradi mpya kabisa ambao hakuna anayejua umbo lake, kama kutafuta dawa mpya, njia hii haikusaidii sana, hapo bajeti ya utafiti itolewe kabisa kwenye faida anayopimwa nayo na isimamiwe na bodi kwa hatua zilizofikiwa.

Na bonasi yenyewe ilipweje?

Kwanza ondoa ukingo. Bonasi ambayo chini ya asilimia 22 ni sifuri na juu yake ni mshahara wa miezi sita inamfanya mtu auze kitu chochote ili avuke. Iwe mstari ulionyooka, kila milioni ya faida iliyobaki ina thamani yake, juu au chini ya lengo.

Pili, isilipwe yote. Weka akaunti ya bonasi: kila mwaka anachopata kinaingia humo, analipwa theluthi, theluthi mbili zinabaki. Mwaka mbaya akaunti inakatwa. Na akihama kitengo au akiacha kazi akaunti ibaki wazi miaka miwili hivi, ikisomwa kwa matokeo ya kitengo alichokiacha, manake matengenezo aliyoyakwepa yataibuka humo. Bila hicho kipengele cha kuondoka, akaunti haina nguvu pale inapohitajika zaidi, mwaka wake wa mwisho.

Kwa wakuu wanaolipwa hisa kanuni ni hiyohiyo. Mwaka 2017 watafiti Edmans, Fang na Lewellen walionesha kwamba mwaka ambao hisa nyingi za mkurugenzi mkuu zinafunguka ili aweze kuziuza, ukuaji wa utafiti na uwekezaji unapungua. Anataka bei iwe juu siku ya kuuza. Kanuni za utawala bora za Uingereza za 2018 zilitaka hisa hizo zikae miaka 5 au zaidi kabla hajaziachia, na kampuni iwe na sera ya kumfanya aendelee kuzishika baada ya kuondoka.

Sisi ni saccos au kampuni ya familia, haya yanatuhusu?

Presha ya soko la hisa hamna, ila ya gawio mnayo. Meneja wa saccos anayechaguliwa au kufukuzwa kwenye mkutano mkuu kwa ukubwa wa gawio la mwaka ataahirisha mfumo mpya wa kompyuta kila mwaka, hata kama wizi na makosa ya kuandika kwa mkono yanawagharimu zaidi. Hamhitaji hesabu zote za hapo juu. Wekeni kwenye ripoti ya mkutano mkuu mstari wa peke yake: "ziada kabla ya gharama za kuanzisha miradi iliyoidhinishwa na bodi", alafu chini yake gharama hizo, mradi mmoja mmoja, na kile ulichoahidi kuleta mwaka kwa mwaka. Wanachama wataona kwanini gawio limeshuka na watakuwa na kitu cha kumuulizia mwaka ujao.

Hatuna mamlaka ya kubadilisha bonasi, mi ni mhasibu tu. Naweza kufanya nini?

Anzisha daftari la miradi iliyokataliwa. Kila pendekezo lililokuja na thamani chanya na halikupita, andika tarehe, kiasi, namba zilizotumika na sababu iliyotolewa kwa maneno yaleyale ya kwenye kikao. Baada ya mwaka jumlisha zile thamani na upeleke kwa mkuu wa fedha pamoja na bonasi zilizolipwa mwaka huo, karatasi moja. Usimtaje mtu. Na kwenye kila pendekezo jipya linalopita mezani kwako, chini ya jedwali la faida la kawaida, ongeza jedwali la pili lenye tozo zinazofuata keshi, ili anayeamua aone 7.5 pembeni ya hasara ya 40 kabla hajasema "tusubiri".